Moko tatu, alama zile zile: soma karatasi kabla ya kubadili ratiba

Kuanzia katikati ya mwaka, mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hutoka mtihani mmoja akaingia mwingine. Kuna ule wa ujirani mwema, ambao shule kadhaa za karibu hufanya kwa pamoja. Kuna utamilifu wa wilaya au wa mkoa, ambao watu wote wanauita moko. Kuna na ile ya shule yenyewe, kila mwalimu anapotaka kujua vijana wake wamefika wapi kabla ya mtihani wa Taifa kuanza mwezi Novemba. Na kila mwaka jambo moja hujirudia: alama zinapanda vizuri hadi mahali fulani, kisha zinasimama. Mtoto anapata 41, halafu 39, halafu 40. Nyumbani wanaanza kuulizana, na jibu linalokuja haraka ni kuongeza twisheni na kupunguza usingizi.

Ninafundisha hisabati, na ombi langu kwa mzazi na mwanafunzi aliyefika hapo ni moja: kabla ya kuongeza chochote, chukueni karatasi iliyosahihishwa mkae nayo. Ile 40 iliyoandikwa juu kwa kalamu nyekundu haiwezi kuwaambia cha kubadili. Yaliyomo ndani yake yanaweza.

Kwanza ni vyema kujua 40 hiyo imetoka wapi. Karatasi ya hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14 na muda wake ni saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali manne ya alama 10 kila moja. Yote ni ya lazima. Anayepata 30 hadi 44 ana D, na C inaanzia 45. Kwa hiyo mwenye 40 na mwenye C wametengana kwa alama tano tu, pungufu ya swali moja la sehemu A. Lakini pia swali moja la sehemu B lina alama 10, na mtungaji akiweka mada unayoijua mahali pa ile usiyoijua, alama zako zinaweza kupanda au kushuka kwa kiasi hicho bila wewe kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana 41, 39 na 40 mimi huzisoma kama alama moja. Aliyefurahia 41 na kuilaumu 39 amesoma kelele tu.

Kuna na jambo la ugumu wa karatasi. Moko ya mkoa mmoja haifanani na ya mkoa mwingine, na ya shule mara nyingi hutungwa na mwalimu anayejua amefundisha nini wiki iliyopita. Njia rahisi ya kupima ni kuuliza wastani wa darasa zima. Kama wastani ulikuwa 35 mwezi Julai na ukashuka hadi 28 mwezi Agosti, mtoto aliyebaki pale pale kwenye 40 amepanda, maana amesimama wakati karatasi ilikuwa inawaangusha wenzake. Walimu wengi wanayo takwimu hiyo na hawakatai kuitoa ukiuliza. Kinyume chake pia kipo: mwanafunzi anayerudia mitihani ya miaka iliyopita aliyokwisha kuifanya ataona alama zinapanda nyumbani huku za shuleni zimelala. Hapo anakumbuka majibu, na Novemba maswali yatakuwa mengine.

Ukishajiridhisha kwamba alama zimesimama kweli katika karatasi tatu zisizopishana sana kwa ugumu, ndipo kazi yenyewe inaanza. Tuifanye kwa mwanafunzi wa mfano, binti niliyemjenga kutokana na makosa ninayokutana nayo kila msimu wa moko. Julai alipata 41, Agosti 39, Septemba 40. Anataka C, kwa sababu C ndiyo krediti, na tahasusi anazozitamani kidato cha tano zinahitaji hisabati. Tangu Julai amekuwa akifanya karatasi nzima ya mtihani wa nyuma karibu kila siku, anajisahihisha, anaandika jumla nyuma ya daftari, anageukia nyingine. Kwa juhudi huwezi kumlaumu.

Tunachukua karatasi ya Julai na ya Septemba, tunaziweka mezani. Hatuangalii alama alizopata. Tunaangalia alizopoteza, moja baada ya nyingine, na kila iliyopotea tunaiuliza imepotelea wapi. Majibu yake huangukia katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni lile la mada asiyoijua kabisa: hata ukimpa swali nyumbani na muda wote duniani, hawezi. La pili ni la swali ambalo angeweza kulifanya kama mtu angemwambia ni la mada gani. Pale ukumbini hakulitambua. La tatu ni makosa ya mkono: njia ni sahihi, ila katikati kuna alama ya kutoa iliyopotea au kuzidisha kulikokosewa. La nne ni muda, yaani swali ambalo hakulifikia au alilikatiza njiani.

Namna ya kujua alama iende fungu gani ni kumrudishia swali lile lile siku ya pili, bila majibu na bila saa. Akilifanya lote bila msaada, lilikuwa la muda au la mkono. Akikwama, mtajie jina la mada tu. Akiendelea baada ya hapo, ni la kutambua. Akibaki anakutazama, ni la kutojua. Zoezi hilo kwa karatasi moja huchukua jioni mbili, na wanafunzi wengi hulikimbia kwa sababu halina raha ya kuanza karatasi mpya.

Julai binti yetu alipoteza alama 59. Kati ya hizo, 33 zilikuwa za kutojua, 11 za kutotambua, 10 za mkono na 5 za muda. Septemba amepoteza 60: za kutojua 24, za kutotambua 10, za mkono 14, za muda 12.

Hapo ndipo ile 40 inaanza kusema. Fungu la kutojua limepungua kwa alama tisa katika miezi miwili. Huyu mtoto amejifunza, tena sana. Lakini kwa kuwa sasa anajua mada nyingi zaidi, anagusa maswali mengi zaidi, na saa tatu ni zile zile. Zamani maswali matatu ya sehemu B aliyapita bila hata kuyasoma, akabaki na muda wa kutosha kwa mengine. Sasa anayajaribu yote, anachelewa, anakimbia mwishoni, na anapokimbia mkono unateleza. Alichokipata upande mmoja amekimwaga upande mwingine, jumla ikabaki pale pale. Angalieni basi twisheni ingemfanyia nini: ingeongeza mada, ambazo zingeongeza maswali ya kugusa, na muda ungezidi kubana.

Mwanafunzi mwingine mwenye 40 hiyo hiyo anaweza kuwa na hadithi tofauti kabisa. Ukikuta fungu la kutojua lilikuwa 33 Julai na bado ni 33 Septemba, basi kweli hajifunzi kipya. Mara nyingi ukimfungulia daftari unakuta anarudia mada anazozipenda, seti na uwiano, kwa sababu zinampa vema nyingi. Huyo ndiye wa kutafutiwa mwalimu wa ziada, na kwa mada mbili au tatu zinazotajwa kwa majina. Alama zao zinafanana, dawa zao hazikaribiani.

Turudi kwa binti yetu na tuanze na muda. Saa tatu ni dakika 180 kwa alama 100, yaani swali la alama 6 lina haki ya dakika 11 hivi na la alama 10 lina dakika 18. Ukitumia kiasi hicho kila mahali, hakuna hata dakika ya kupitia kazi. Kwa hiyo tunapanga dakika 10 kwa swali la sehemu A na 16 kwa la sehemu B. Jumla yake ni dakika 164, na 16 zinabaki za kurudia. Kwenye karatasi ya mazoezi anaandika saa pembeni kila anapomaliza swali. Alipofanya hivyo mara ya kwanza, jambo lilionekana wazi: swali la tatu, la seti zenye makundi matatu ya watu, lilikuwa limekula dakika 25 na kumpa alama moja. Alikuwa hataki kuliacha kwa sababu seti anazijua. Kanuni mpya ni kwamba dakika 10 zikiisha anaandika hatua alizofikia, anaacha nafasi, anasonga. Msahihishaji hutoa alama kwa hatua, kwa hiyo alichoandika hakipotei. Kanuni hii inauma kuizoea, na wiki ya kwanza wanafunzi wengi huivunja mara kadhaa kabla mkono haujakubali.

Makosa ya mkono ndiyo yanayonigusa zaidi, kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Nikimwonyesha mwanafunzi kosa la namna hiyo ananiambia, "Mwalimu, hapo nilikosea tu." Na hapa? "Na hapo nilikosea tu." Sasa njoo, mwanangu, tuyaweke hayo ya kukosea tu kwenye mstari mmoja.

Swali la mlinganyo wa kipeo cha pili lilikuwa 2x² − 3x − 5 = 0. Aliandika fomula sawasawa, akaenda kutafuta kile kilichomo ndani ya kipeuo: b² − 4ac. Hapo a ni 2, b ni −3, c ni −5. Alipata 9 − 40, akafika −31, akaandika kwamba mlinganyo hauna jibu. Ilitakiwa iwe 9 + 40, yaani 49, ambayo kipeuo chake ni 7, na x ni 2.5 au −1.

Swali la mstari lilimtaka atafute mteremko wa mstari unaopita (2, −3) na (6, 5). Alitoa 5 − 3 akapata 2, akagawanya kwa 4, akaandika nusu. Ilitakiwa iwe 5 − (−3), yaani 8, na mteremko ni 2.

Swali la matriki lilikuwa na safu ya juu 3 na −2, na ya chini 4 na 1. Determinanti yake ni 3 × 1 kutoa −2 × 4. Aliandika 3 − 8, akapata −5, na kila kilichofuata kikaharibika. Jibu ni 3 + 8, yaani 11.

Mada tatu hazina uhusiano kwenye kitabu. Ukiuliza mwalimu arudie kipi, mtoto atasema milinganyo, mistari na matriki, wiki tatu za kazi. Kosa ni moja tu: kila anapotakiwa kutoa namba hasi, anaitoa kana kwamba ni chanya. Ni jambo la kidato cha kwanza lililojificha miaka yote, na kwenye karatasi ya Septemba lilimgharimu alama 9 kati ya zile 14 za mkono. Alihitaji tano kufika C.

Dawa yake ni ndogo na ya kuchosha. Kila namba hasi inayoingia kwenye fomula inaandikwa na mabano yake kabla ya kufanya lolote: (−3)² − 4(2)(−5), bila kurukaruka kichwani. Jioni tatu anafanya mistari ishirini hivi ya kubadilisha namba kwenye fomula tu, bila kumaliza swali, mpaka mkono uandike mabano wenyewe. Tena aangalie makosa yake yamekaa wapi kwenye karatasi. Yakianza swali la kwanza, ni tabia, na hili la hasi lilikuwa la namna hiyo. Yakijazana maswali manne ya mwisho, ni haraka au uchovu, na hapo mazoezi hayatasaidia kama muda na usingizi havijarekebishwa. Anayekesha akisoma hadi saa nane usiku kisha akaingia ukumbini saa mbili asubuhi atayaona makosa ya aina hii ya pili.

Kwa fungu la kutojua tunafanya uamuzi mgumu wa kuacha. Zimebaki wiki sita hivi na mada asizozijua ni nne. Tunachagua mbili. Ya kwanza ni takwimu, kwa sababu hatua zake hazibadiliki: jedwali, wastani, grafu ya nguzo, na mwanafunzi makini huweza kuishika kwa wiki moja au mbili. Ya pili ni lile swali la vikwazo, la mkulima au fundi anayetafuta faida kubwa kabisa kwa kuchora mistari na kupima pembe za eneo lililobaki. Nalo lina njia moja inayojirudia. Nadharia za duara na hesabu za dunia kama tufe tunaziweka kando kwa sasa. Naona walimu wenzangu wengine wakikunja uso hapa, lakini mada nne zilizoguswa nusu nusu ndani ya wiki sita huzaa maswali manne yasiyomalizika, na tumeshaona yanafanya nini kwa saa.

Ratiba basi inageuka. Karatasi nzima inafanywa mara moja kwa wiki, Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa saa tatu kamili, kama ukumbini. Jumapili ni ya kuichambua kwa mafungu manne. Siku za katikati ni za mada mbili zilizochaguliwa na za mabano ya hasi, na kila swali alilokosa Jumamosi linarudi Jumatano, halafu tena wiki inayofuata, bila kutazama suluhisho. Kwa mtoto aliyezoea karatasi kila siku, inaonekana kama kazi imepungua, na mzazi anaweza kushtuka. Mwonyesheni mafungu.

Kuna hatari moja wakati wa kupima mpango mpya, nayo ni kuutazama kwa jumla ile ile iliyotudanganya mwanzo. Karatasi ya kwanza baada ya mabadiliko inaweza hata kushuka. Tuseme binti amepata 38. Fungu la muda limetoka 12 hadi 4, la mkono limeshuka kutoka 14 hadi 10, ila la kutojua limepanda hadi 36 kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa na duara na tufe, zile mada tulizoziacha. Mpango umefanya kile ulichoahidi kufanya, na kuubadili tena kwa sababu ya 38 kungekuwa kosa. Ukiona karatasi mbili mfululizo ambazo fungu ulilolilenga halijasogea, hapo una sababu ya kujaribu njia nyingine. Ukiona limesogea na jumla haijasogea, subiri.

Fungu la kutotambua limebaki karibu na alama 10 muda wote huu, na mara nyingi ndilo la mwisho kulegea. Sababu yake ni namna vitabu vinavyopangwa: zoezi la logi liko chini ya kichwa cha logi, kwa hiyo mwanafunzi hajawahi kulazimika kujua kwamba ni la logi. Tena karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Katika lile swali la vikwazo, maneno mawili mafupi yenye maana ya isizidi na isipungue yakigeuzwa, alama za ukubwa zinageuka, eneo lote la grafu linakuwa kinyume, na mtoto anayeijua njia vizuri anapoteza karibu alama zote 10. Kwa binti wetu tulikata maswali ya karatasi za nyuma kwa mkasi, tukayachanganya kwenye bahasha bila namba wala mada. Kila jioni huchomoa manane. Hayafanyi. Anasoma, anaandika mada, anaandika mstari wa kwanza atakaouanza nao, na pembeni anaeleza kwa Kiswahili swali linataka nini. Dakika 20 zinatosha. Asiyoyatambua yanarudi kwenye bahasha, aliyoyatambua mara mbili yanatolewa, na bahasha ikipungua mpaka kubaki na yale ya duara na tufe, ndipo tunapoangalia kalenda kuona kama bado zipo siku za kuingiza moja kati ya hizo mbili.